Alama tatu za mwanafunzi mmoja: kisa cha ripoti za maabara ndani ya vitendo

Kisa hiki kilitokea katika idara moja ya sayansi kwenye chuo kikuu cha umma nchini Tanzania. Majina ya watu, jina la kozi, mwaka na chuo nimeviondoa. Mimi niliitwa kama mtu wa kitengo cha Moodle, mfumo wa mtandaoni wa kuendeshea kozi na kutunza alama, nikidhani ninakwenda kumsaidia mhadhiri kubonyeza mahali fulani na kurudi ofisini kabla ya chai. Nilikaa nao siku mbili.

## Mazingira

Kozi ilikuwa ya kemia ya mwaka wa kwanza, yenye wanafunzi waliogawanywa katika zamu tatu za maabara kwa sababu meza hazitoshi. Alama 100 za kozi ziligawanywa kama ilivyo kawaida: mtihani wa mwisho alama 60 na tathmini endelevu, ambayo kila mtu pale anaiita CA, alama 40. Kanuni ya chuo hicho ilisema kwamba aliye na CA chini ya 16 haruhusiwi kuingia kwenye mtihani wa mwisho, na kozi ataichukua tena mwaka unaofuata. Kwa hiyo nusu alama karibu na 16 si jambo dogo. Ni mwaka wa mtu.

Muhtasari wa kozi uliopitishwa na chuo uliigawa CA hivi: testi mbili za darasani ni asilimia 50 ya CA, vitendo ni asilimia 50. Ndani ya vitendo kulikuwa na ngazi nyingine: ripoti za maabara asilimia 60, mtihani wa vitendo asilimia 40. Ripoti zilikuwa 8, zote na uzito sawa.

Tuihesabu taratibu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Anayesoma muhtasari anaona "ripoti za maabara 60%" na anaamini kwamba ripoti ndizo zinazobeba kozi. Ile 60 ni ya vitendo tu. Vitendo ni nusu ya CA, na CA ni 40 ya kozi. Unazidisha kutoka nje kwenda ndani: 0.40 × 0.50 × 0.60, unapata 0.12. Ripoti zote 8 kwa pamoja ni alama 12 za kozi, na ripoti moja ni alama moja na nusu. Mtihani wa vitendo ni 0.40 × 0.50 × 0.40, yaani alama 8. Testi ni alama 20. Jumlisha 20, 12 na 8 unarudi kwenye 40, hesabu imefunga.

## Yaliyotokea

Kozi iliendeshwa kwa madaftari mawili ya alama. Mhadhiri alikuwa na Moodle, ambako alizipanga ngazi kama zilivyo kwenye muhtasari: kundi la CA, ndani yake kundi la vitendo, ndani yake kundi la ripoti. Mkufunzi msaidizi, aliyesahihisha ripoti, alikuwa na faili lake la Excel. Kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu, alikwisha kufanya kuzidisha mapema akaziondoa ngazi. Faili lake lilikuwa na safuwima tatu tu zenye uzito 20, 12 na 8. Kwa muhula mzima hakuna aliyeyalinganisha madaftari haya mawili, wala aliyeyatilia shaka.

Wiki ya mtihani wa vitendo, zamu ya kwanza na ya pili zilifanya. Usiku wa kuamkia zamu ya tatu, taa ya spektrofotomita iliungua. Mtihani ulihusu kupima ufyonzaji wa mwanga wa miyeyusho, na idara ilikuwa na chombo kimoja tu. Mtaalamu wa maabara alisema taa ya akiba haipo na ya kuagiza haitafika kabla ya mitihani. Mkuu wa idara akaagiza zamu ya tatu isamehewe mtihani huo. Mhadhiri aliacha nafasi zao wazi kwenye Moodle. Mkufunzi naye aliziacha wazi kwenye Excel. Wote wawili walitekeleza agizo lilelile kwa namna ileile.

Siku tatu baadaye CA zilibandikwa ubaoni kutoka kwenye faili la Excel. Jioni hiyo mwanafunzi mmoja wa zamu ya tatu alikuja ofisini kwa mhadhiri, nami nilikuwepo kwa shughuli nyingine. Baada ya shikamoo na marahaba aliweka simu mezani, Moodle ikiwa wazi.

"Mwalimu, huku nina 17. Ubaoni nina 15. Na ripoti ni asilimia 60, nami ripoti zangu nimepata 60. Sasa mimi naingia kwenye mtihani au siingii?"

Mhadhiri alimweleza kwanza lile la 60, kwamba ni 60 ya kundi la ndani. Hilo alilielewa upesi. La 17 na 15 hatukuweza kumjibu pale pale.

## Tofauti ilitoka wapi

Mwanafunzi huyu alikuwa na wastani wa asilimia 25 kwenye testi na 60 kwenye ripoti. Mtihani wa vitendo hakufanya. Hizi ndizo njia mbili za kumhesabia.

Fomula ya mkufunzi, ambamo C ni testi, D ni ripoti, E ni mtihani wa vitendo (zote kama sehemu ya 1), na mstari wa kwanza ndio wenye uzito:

```
=40*SUMPRODUCT(C2:E2,$C$1:$E$1)/SUMPRODUCT(--(C2:E2<>""),$C$1:$E$1)
```

Kisanduku cha E kikiwa wazi, fomula inaondoa uzito wake wa 8 na kugawa kwa 32 badala ya 40. Mwanafunzi ana 5 za testi na 7.2 za ripoti, jumla 12.2. Gawa kwa 32, zidisha kwa 40, unapata 15.25. Ubaoni ikaandikwa 15.

Moodle ilifuata ngazi. Mtihani wa vitendo ulipokosekana, uzito wake haukutoka nje ya kundi la vitendo. Ulirithiwa na ndugu yake wa tumbo moja, yaani ripoti, na testi hazikuguswa. Kwa Excel ingekuwa hivi:

```
F2: =IF(E2="",D2,0.6*D2+0.4*E2)
G2: =40*(0.5*C2+0.5*F2)
```

F2 inakuwa 0.60 na G2 inakuwa 17.

Kwa hiyo Excel na Moodle zote ziligawa upya zile alama 8 zilizobaki bila mwenyewe, ila kila moja iliwapa warithi tofauti. Katika orodha iliyolazwa chini bila ngazi, kila aliyebaki anapata mgawo kwa kadiri ya ukubwa wake: testi zinapanda kutoka 20 hadi 25, ripoti kutoka 12 hadi 15. Katika ngazi, testi zinabaki 20 na ripoti zinapanda kutoka 12 hadi 20, kila ripoti ikiwa na thamani ya alama mbili na nusu. Kuzidisha uzito mapema hakubadili chochote kila kisanduku kikiwa kimejaa. Kikiwa wazi kimoja, ile orodha fupi ya 20, 12 na 8 imeshasahau nani alikuwa ndani ya nani.

Kulikuwa pia na alama ya tatu iliyosemwa kwenye kikao: 12.2, ile ya kuhesabu mtihani ambao haukufanyika kama sifuri. Aliyeitaja alisema kwa utani, lakini iliingia kwenye karatasi.

## Uamuzi na sababu zake

Walikutana mkuu wa idara, mhadhiri, mkufunzi, mtaalamu wa maabara na kiongozi wa darasa. Orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihanini ilitakiwa kesho yake.

Sifuri iliondolewa haraka: kosa lilikuwa la chombo cha idara. Wazo la kuwapa zamu ya tatu mtihani mwingine, wa titresheni usiohitaji spektrofotomita, lilizungumzwa kwa muda. Mtaalamu wa maabara alikuwa tayari kuuandaa. Lilikwama kwa sababu mbili: siku hazikutosha, na mtihani wa ujuzi mwingine usingeweza kulinganishwa na ule wa zamu mbili za kwanza.

Zikabaki njia mbili: ya bapa, yaani ile orodha isiyo na ngazi, na ya ngazi. Nilipoziandika ubaoni kwa herufi, T ikiwa testi na R ikiwa ripoti, jambo likawa jepesi kuliko tulivyodhani. Njia ya bapa inatoa 25T + 15R. Njia ya ngazi inatoa 20T + 20R. Toa moja kwa nyingine unabaki na 5 × (R − T). Mwanafunzi aliye imara maabara kuliko darasani anafaidika na ngazi. Aliye imara darasani anafaidika na bapa. Yule wetu, mwenye pengo la 0.35, anapata 1.75 zaidi kwa ngazi. Mwenzake mwenye testi 80 na ripoti 60 angepata 29 kwa bapa na 28 kwa ngazi. Hakuna njia iliyokuwa ya huruma kwa wote.

Kiongozi wa darasa alipendekeza kila mtu apewe ile kubwa kati ya mbili. Mkuu wa idara alikataa, na nadhani alikuwa sahihi: wawili wenye testi na vitendo tofauti wangepimwa kwa mizani mbili ndani ya zamu moja.

Walichagua ngazi. Sababu ilikuwa moja: muhtasari uliopitishwa unasema vitendo ni nusu ya CA. Njia ya bapa ingeifanya sehemu ya vitendo kuwa 15 kati ya 40, na hakuna mtu kwenye meza ile aliyekuwa na mamlaka ya kubadili hilo.

Mkufunzi aliweka pingamizi, akaomba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ripoti, alisema, huandikwa hosteli, watu watano kwa daftari moja. Mtihani wa vitendo ndio mahali pekee ambapo mtu husimama na pipeti yake mwenyewe. Alionesha kwa mfano: mwanafunzi wa zamu ya kwanza mwenye ripoti 75 na mtihani wa vitendo 50 anapata 65 ya vitendo, yaani alama 13 kati ya 20. Wa zamu ya tatu mwenye ripoti hizohizo 75 anapata 15. Alama mbili za bure kwa sababu taa iliungua upande wake. Akapendekeza ripoti za zamu ya tatu zipunguzwe kwa kiwango ambacho mtihani wa vitendo uliwashusha wengine. Pendekezo halikupita, kwani kanuni hazikuwapa ruhusa ya kumkadiria mtu alama ya mtihani ambao hakuufanya. Lakini hakuna aliyelijibu pingamizi lenyewe.

## Kosa la pili, ambalo hatukulitafuta

Kabla ya kutoa orodha mpya niliweka Excel na Moodle kando kwa kando na kujiuliza: kama tofauti pekee ni ile ya kugawa upya, basi kwa kila mwanafunzi wa zamu ya tatu tofauti iwe 5 × (R − T), si zaidi wala pungufu. Nikaongeza safuwima ya kukagua. Karibu mistari yote ilikubali. Minne ilikataa.

Mmoja wao alikuwa na testi 40 na ripoti mbili tu kati ya 8, zote mbili 85. Moodle ilimpa CA ya 25. Excel ilimpa 13.19. Fomula yangu ilisema Moodle iwe chini ya Excel kwa takriban alama moja, nayo ilikuwa juu kwa karibu 12.

Sababu ilikuwa kisanduku cha tiki kinachoitwa `Exclude empty grades`. Katika Moodle tiki hiyo huwekwa kwa kila kundi peke yake, na mhadhiri alikuwa ameiweka kwenye makundi yote. Kwenye kundi la vitendo ilifanya tulichokitaka: mtihani uliosamehewa ukaruka. Kwenye kundi la ripoti ilifanya hivyohivyo kwa ripoti ambazo mwanafunzi hakuzileta kabisa. Ripoti sita zilizokosekana ziliruka, wastani ukawa 85, na kwa kuwa mtihani wa vitendo nao ulikuwa umeruka, ile 85 ilibeba alama 20 nzima: 17 badala ya 4.25. CA yake halali ilikuwa 8 + 4.25, yaani 12.25.

Mkufunzi hakuwa na kosa hili. Yeye kwenye karatasi yake ya ripoti aligawa kwa 8 daima. Basi ikawa kwamba Excel ilikuwa sahihi kwenye ngazi ya ndani na ikakosea ya nje, na Moodle kinyume chake. Kama tungechagua daftari moja kwa kuliamini tu, tungerithi kosa la daftari hilo lote. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimeshasema "Moodle iko sawa."

Marekebisho yalichukua dakika chache. Tiki iliondolewa kwenye kundi la ripoti, hivyo nafasi wazi huko ikahesabiwa sifuri. Wawili kati ya wale wanne walikuwa na vyeti vya hospitali kwa baadhi ya ripoti. Hao tuliwawekea alama ya `Excluded` kwenye ripoti husika moja moja. Kwenye kundi la vitendo tiki ilibaki, kwa sharti kwamba yeyote wa zamu ya kwanza au ya pili aliyekwepa mtihani aandikiwe 0 kwa mkono.

## Matokeo

Orodha mpya ilitoka usiku. Mwanafunzi wa simu aliruhusiwa akiwa na 17. Mwenye ripoti mbili hakuruhusiwa, na alikuja kulalamika, kwa haki, kwamba Moodle ilimwonesha 25 muhula mzima na hakuna aliyemwambia ni uongo. Mkuu wa idara alimpa maelezo ya maandishi, lakini alama haikubadilika. Wachache waliokuwa imara kwenye testi walishuka kwa alama moja au pungufu ukilinganisha na ubao wa kwanza. Hakuna kati yao aliyevuka mpaka wa 16 kwenda chini.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kuiandika tofauti kwa herufi kabla ya kubishana kuhusu watu. Mpaka pale, kila mmoja kikaoni alikuwa na mwanafunzi wake kichwani. Ilipokuwa 5 × (R − T) ilionekana nani anafaidika na kwa nini, na fomula hiyohiyo ndiyo iliyotufichulia kosa la pili. Kulinganisha jumla kwa macho kusingelitoa, kwa sababu 25 ni alama ya kawaida kabisa ya CA.

Kilichoshindwa ni kisanduku kilicho wazi. Idara ilikitumia kusema mambo mawili yaliyo mbali: "amesamehewa" na "hakuleta." Katika orodha ya ngazi moja mkanganyiko huo unakugharimu uzito wa kitu kimoja. Ndani ya ngazi unazidishwa, kwa kuwa kila nafasi inayoruka inakuza walio pembeni yake, na nafasi inayoruka ngazi ya juu yake inawakuza tena. Ripoti mbili zilizopaswa kuwa na thamani ya alama tatu za kozi zilifika kubeba ishirini.

Tangu hapo idara hiyo ina mstari wa kwanza kwenye kila daftari unaoitwa Mwanafunzi wa Mfano, na hupitishwa hatua nne kabla alama yoyote ya kweli haijaingia. Mpe 100 kila mahali: lazima CA iwe 40. Mpe 100 kwenye ripoti moja na 0 kwingine kote: lazima itoke 1.5. Mwachie mtihani wa vitendo wazi: ikitoka 2.5 daftari linafuata ngazi, ikitoka 1.875 mtu amezilaza. Mwisho rudisha 0 kwenye mtihani wa vitendo, acha ripoti saba wazi na moja iwe 100: ikitoka 12 badala ya 1.5, ile tiki ya ndani imesahaulika.

Muhtasari wa kozi nao uliongezwa safuwima moja inayoonesha alama za kozi nzima kando ya asilimia za ndani, ili "60%" ya ripoti isimame pembeni ya "12". Na chini yake sentensi moja: sehemu ya vitendo ikisamehewa, uzito wake unabaki ndani ya vitendo.

Pingamizi la mkufunzi bado liko kwenye faili la kikao. Taa ya akiba ya spektrofotomita iliombwa kwenye bajeti iliyofuata.